Kiporo cha jana (gumzo la majirani, Rau, Moshi)

Mama Doreen: Jamani nina wali umebaki jana vikombe kama vinne nataka nikaangie watoto mchana, ila kila nikikaanga unakuwa bokoboko lenye karoti. Shida nini?

Anti Grace: Ulilala wapi? Kwenye friji au jikoni?

Mama Doreen: Kwenye sufuria nilifunika, si baridi hili la Julai 😄

Baba Ima: Hamna shida choma moto mkali wadudu wote wanakufa

Anti Grace: Baba Ima wadudu sawa watakufa ila sumu haifi. Mchele una kijidudu ambacho mbegu zake zinavumilia hata kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu masaa mengi zinaamka zinazaliana zinaacha sumu na hiyo kukaanga haiiondoi. Hausikii harufu. Mtu anakula, ndani ya masaa machache anatapika. Na sufuria iliyofunikwa inatunza joto usiku mzima hata kukiwa na baridi. Huo mwaga tu shosti

Elly: Mae! Mimi kiporo cha sufuria nakula na chai tangu mdogo sijawahi kuumwa 🤷🏾‍♂️

Anti Grace: Si kila sufuria Elly. Ila yenye sumu utaijuaje?

Bibi Manka: Na makande yangu ya juzi je

Anti Grace: Shikamoo bibi, nakuja inboksi

Mama Doreen: Haya nimemwaga inaniuma. Nifanyeje sasa

Anti Grace: Leo jioni pika mwingine, maji punguza kidogo. Ukiiva tu tandaza kwenye sinia uwe mwembamba usifunike, ndani ya saa moja uwe umepoa, tia kwenye chombo weka friji. Kesho mchana unakaanga, usipitishe hapo. Ukilala kwenye friji punje zinakauka zinakuwa ngumu ndo maana hazipondeki, wa moto ndo unatoa bokoboko

Baba Ima: Na moto?

Anti Grace: Hapo sasa umepatia, moto mkubwa, tena kikaango kizito cha chuma sio kile cha kutoshika. Vunja mabonge kwa mikono kwanza. Karoti na hoho kaanga pembeni utoe, yai nalo utoe. Kikaango kipate moto mpaka tone la maji likimbie, mafuta, halafu wali vikombe viwili tu kwa mara moja. Ukimwaga vyote vinne kikaango kinapoa, maji yanabaki humo humo wali unapikika upya badala ya kukaangika. Sikiliza, ikinyamaza ile tssss ujue umezidisha. Uache utulie kidogo ndo ugeuze, mwisho rudisha vyote na soya sosi kijiko kimoja pembezoni, uhakikishe wote umekuwa wa moto kabisa

Mama Doreen: Na umeme ukikata usiku?

Elly: Friji si linabaki baridi

Anti Grace: Masaa mawili matatu bila kulifungua sawa. Usiku kucha mimi siupiki

Elly: Mimi naupika 😂