Ujumbe mmoja mbovu: foleni nzima ya malipo isimame?

Kijana wa Shangani: Tunaunganisha mizani ya ghala na malipo ya wakulima wa korosho kupitia RabbitMQ. Bosi anataka ujumbe mbovu ukitokea foleni isimame hadi mtu auone. Mimi nasema uwekwe pembeni, mingine iendelee. Mnasemaje? Na tujaribuje kabla ya msimu kufunguliwa Oktoba?

Dada wa Newala: Kusimama anakokutaka bosi sicho utakachopata. Kwetu stakabadhi moja ilikuja na uzito "1,240", ile koma ikaangusha programu. Ikaurudisha ujumbe kwa `requeue=true`, na kwenye foleni ya `classic` ukarudi palepale mbele. Ukasomwa tena, ukaanguka tena. Seva ilichemka usiku kucha, logi mstari uleule, malipo sifuri. Basi kwenye majaribio tupia ujumbe mbovu mmoja katikati ya mia wazima, uone kama wale mia wanafika.

Fundi Ligula: RabbitMQ toleo la 4.0 lina kikomo, ujumbe unarudishwa mara 20 tu. Hakuna haja ya kuhangaika.

Dada wa Newala: Hapo umepatia nusu, kaka. Kikomo hicho ni cha foleni za `quorum`. Na kama hujaweka `x-dead-letter-exchange`, ile njia ya kuupeleka pembeni, kikipitwa ujumbe unatupwa. Stakabadhi ya mtu imepotea hivyo, na hakuna atakayejua mpaka mwenyewe aje ofisini.

Mkulima Tandahimba: Mimi foleni zenu sizijui. Niliyoijua ni ya chama, toka alfajiri. Mwaka juzi simu iliniletea malipo mawili ya gunia zilezile, wiki ya pili wakanikata. Nani alikosea?

Dada wa Newala: Pole, mzee wangu. Kilichokukuta huenda ndicho hiki: programu inaandika malipo, inakufa kabla ya kutuma `ack`, basi ujumbe unaletwa upya. Kijana, simamisha programu kwa makusudi baada ya `COMMIT`, kabla ya `basic_ack`, uiue kwa `kill -9`, uiwashe, kisha hesabu safu za malipo. Zikiwa mbili, umefeli. Kinga ni hii, ndani ya muamala uleule wa malipo:

```sql
INSERT INTO uliopokelewa (ujumbe_id)
VALUES ($1) ON CONFLICT DO NOTHING;
```

`ujumbe_id` iwe kipekee kwenye jedwali, na itoke mizani. `delivery_tag` haifai, ni ya chaneli tu. Safu sifuri zikiingia, usilipe, tuma `ack` tu.

Mhasibu wa Lindi: Bado namtetea bosi. Stakabadhi mbovu imewekwa pembeni, nyuma yake yaja marekebisho ya uzito wake. Mtarekebisha kitu ambacho hakipo?

Dada wa Newala: Hapo umenishika. Sisi tunazuia kila ujumbe wa stakabadhi hiyo tu, wengine wanalipwa. Kijana, lijaribu hili pia: peleka marekebisho kabla ya stakabadhi yenyewe.

Mhasibu wa Lindi: Na anayeangalia hiyo foleni ya pembeni saa nane usiku ni nani? Kwetu ilijaa wiki tatu. Foleni ikisimama, angalau simu zinapigwa.