Nimechoka na mafaili ya "FINAL FINAL"! Zabuni imeondoka na rasimu ya zamani

Mkadiriaji_Dom:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Ofisi yetu ni ya ujenzi, ndogo tu. Tulikuwa tunaandaa BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi, ya madarasa ya shule moja binafsi, mteja anapokea bei kwa barua pepe. Jumatano nilituma v02. Alhamisi mteja akaleta marekebisho: zege la msingi limepanda kutoka mita za ujazo 42 hadi 62. Ijumaa nikarekebisha, nikatuma v03 kwa wote na kueleza kwenye barua nini kimebadilika.

Jumamosi injinia wa saiti, ambaye v03 hakuifungua, akachukua v02 iliyokuwa kwenye simu yake, akabadilisha bei ya nondo kwa kilo, akaipa jina jipya na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Jumatatu karani akakuta haya kwenye kompyuta yake:

```
BOQ_v02.xlsx
BOQ_v03.xlsx
BOQ FINAL FINAL.xlsx
BOQ FINAL FINAL (1).xlsx
```

Nyie mngechagua lipi? Akageuza la mwisho kuwa PDF, likaenda kwa mteja. Bei yetu ya zege ni shilingi 280,000 kwa mita ya ujazo. Mita 20 zilizosahaulika ni shilingi 5,600,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 ni 6,608,000. Mteja anasema kazi ni yetu, ila kwa jumla tuliyoandika. Sasa bosi anamwandama karani! Karani kakosa nini? Ameletewa faili linalojitangaza kuwa la mwisho mara mbili.

Nani alimpa injinia mamlaka ya kuandika FINAL? Hilo ndilo linaloniuma.

Nondo16:
Pole mkuu. Ila hapo mnakuza jambo. Panga folda kwa tarehe, "Date modified", la juu kabisa ndilo jipya. Sisi saiti tunafanya hivyo na hatujawahi kukwama.

Mkadiriaji_Dom:
Nondo16, karani alifanya hicho hicho unachosema! Faili la injinia lilikuwa la Jumamosi, langu la Ijumaa. La juu kabisa ndilo lililotuua.

Masjala_Mstaafu:
Wanangu, ngoja niseme kidogo, nimekaa masjala miaka mingi.

Nondo16 ana nusu ya haki. Tarehe inakuambia faili liliguswa lini, haikuambii lilitokana na lipi. Mtu akifungua rasimu ya mwezi jana leo asubuhi, akarekebisha neno moja na kuhifadhi, faili lake lina tarehe mpya kuliko yote na maudhui ya zamani kuliko yote. Halafu ukipakua kiambatisho, folda mara nyingi huonyesha saa uliyopakua wewe, siyo saa mwenzako aliyoandika. Ukitaka kujua nani aligusa mwisho, fungua faili lenyewe, nenda File kisha Info, utaona "Last Modified By". Hiyo inasafiri ndani ya faili. Lakini nayo inataja mkono wa mwisho tu.

Kwenye jalada la karatasi kila barua ilipewa namba ya folio, na aliyeitoa ni mmoja. Ofisa hakuruhusiwa kujipachikia namba mezani kwake. Ninyi mmehamia kwenye kompyuta mkamfukuza mtoa namba. Mrudisheni. Kila kazi iwe na mtu mmoja anayetoa toleo. Injinia akibadilisha bei ya nondo, asibuni jina. Aliache jina alilopewa, aongeze herufi zake, amrudishie mtoa namba:

```
SHULE-BOQ_v02_JM.xlsx
```

Mwenye kazi akiliona anajua papo hapo kwamba JM amefanyia kazi v02 wakati wenzake wako v03. Hapo kosa la Jumamosi lingekamatwa kabla ya Jumatatu. Atachukua ile bei ya nondo, ataiingiza kwenye v03, na matokeo yataitwa v04. Neno "final" lisionekane popote. Faili lililokwenda kwa mteja liitwe lilivyo:

```
SHULE-BOQ_v04_2025-03-17_IMETUMWA.pdf
```

Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kwa mtindo huo majina yanajipanga yenyewe kwa mfuatano, na hakuna atakayebishana kama 03-07 ni Machi au Julai. Alama ya mkwaju usiitumie, Windows haiikubali kwenye jina la faili. Na andika v04, siyo v4, maana kuna mifumo itakayokuwekea v10 juu ya v2.

binti_thesis:
Shikamoo mzee. Mimi msimamizi wangu amenirudishia sura ya tatu ikiwa na maoni yake, kumbe alisoma ya zamani na mimi nimeshaandika upya nusu. Nawezaje kurudisha faili nililofuta kwenye flashi?

Masjala_Mstaafu:
Marahaba binti. Habari ya flashi fungulia uzi wake, wapo mafundi humu. Hilo la msimamizi linatibika: kwenye Word ingia Review, kisha Compare, mpe rasimu uliyomtumia na ile aliyorudisha. Utaona kila alichogusa, ukihamishie kwenye mpya yako.

Wingu_Tupu:
Viambatisho ndiyo ugonjwa wenyewe. Wekeni faili moja Google Drive, tumeni kiungo. Ukiwa na toleo jipya la Excel bonyeza "Manage versions", pandisha hapo hapo, kiungo hakibadiliki, kila mtu anafungua jipya. Jambo moja la kuangalia: matoleo ya nyuma ya faili kama hilo yanaweza kufutwa baada ya siku 30, au yakizidi 100, usipochagua "Keep forever". Lile mlilomtumia mteja lichagulieni.

Na mtu akibonyeza Forward kwenye barua ya Jumatano, kiambatisho cha Jumatano kinakwenda nacho. Akibonyeza Reply hakiendi. Rasimu nyingi zilizokufa hufufuka kwa Forward.

Nondo16:
Kiungo kizuri mkiwa mjini. Saiti yetu mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo tunapakua kwenye simu mapema. Na ukishapakua si umerudi kule kule? Mzee, hizo herufi nitaandika, sina tatizo. Lakini mtoa namba akiwa safarini na zabuni inafungwa saa nne?

Masjala_Mstaafu:
Anakaimishwa mtu, na jina lake linatangazwa kabla mwenzake hajapanda basi.

Nondo16:
Ofisi ya watu watatu unakaimisha nani mzee? Karani?

Mkadiriaji_Dom:
Ndiyo, karani! Yeye ndiye anayebonyeza kutuma, basi apewe na haki ya kukataa faili lisilo na namba, hata likitoka kwa injinia, hata likitoka kwa bosi. Nimemwandikia bosi leo nataka hilo kwa maandishi, na nimeambatanisha v02, v03 na lile la injinia ili aone safu ya zege mwenyewe. Hajajibu. Kesho tunakaa na mteja kuhusu hizo milioni 6.6, na kuna mtu kwenye grupu ameshatuma "BARUA KWA MTEJA FINAL.docx".