Mjadala: Kaunti ziachiwe kodi gani?

Mzalendo wa Kaunti: Kaunti yetu kila mwezi inalia haina pesa ya dawa. Kwa nini isiachiwe VAT na kodi ya mishahara ya watu wake, badala ya kungoja mgao wa Nairobi na kuambulia kodi ya ardhi?

Katiba Mkononi: Kifungu cha 209 cha Katiba kimefunga mlango. Kaunti ni kodi ya ardhi na majengo, na kodi ya burudani, basi. Mgao nao ni asilimia 15 ya mapato ya taifa, usitarajie zaidi.

Mthamini Mstaafu: Ndugu, 15 ni kiwango cha chini, mgao unaweza kuzidi hapo. Na kifungu hichohicho kinaruhusu kodi nyingine Bunge likiipitishia sheria.

Sasa Mzalendo, kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri, naye hulipia alipo yeye. Mwalimu anafundisha Lodwar, mshahara wake unatengenezwa Nairobi. Kila kaunti ikibaki na inachokusanya, Nairobi itavuna jasho la Turkana. Utasema tufuate anakoishi mfanyakazi. Sawa, lakini kaunti moja ikipandisha kiwango, wenye mishahara minono watahamisha anwani kabla ya wewe kuhamisha faili.

VAT ndiyo ngumu zaidi. Bati linatoka kiwandani Kiambu, linauzwa kwa jumla Nakuru, mwenye duka analiuza Kabarnet. Kila mmoja anapolipa kodi hutoa kwanza ile aliyokwisha kulipa aliponunua. Je, Baringo itamkatia mwenye duka kodi iliyoingia hazina ya Nakuru? Ikikataa, bati linatozwa mara mbili. Ikikubali, Baringo inalipia risiti za kaunti nyingine, na haina njia ya kujua kama ni za kweli.

Mama Waru: Kutozwa mara mbili mimi nakujua. Nilipakia viazi Nyandarua, nikalipa sesi, risiti ninayo. Mbele, kaunti nyingine ikaweka kamba barabarani, ati natumia barabara yao. Nikaonyesha risiti, askari akasema hiyo ni ya huko kwenu. Nilikaa pale kuanzia saa kumi alfajiri hadi jua limetoka, mzigo wangu ukatoa maji chini ya gunia. Siku hizi dereva wangu anazunguka njia ya vumbi. Hawapati hata shilingi.

Katiba Mkononi: Hiyo ni kinyume cha 209(5)! Kaunti haina ruhusa ya kuzuia bidhaa kupita kaunti hadi kaunti.

Mama Waru: Njoo umsomee yeye saa kumi alfajiri.

Mthamini Mstaafu: Mama ametoa somo lote. Kiazi kina magurudumu, ukikibana kinapita njia nyingine. Kiwanja hakiendi popote, na thamani yake hupandishwa na barabara na maji ya kaunti ileile inayokitoza. Kodi ya nyumba na kiwanja haina pa kukimbilia.

Mpangaji wa Bamburi: Haina pa kukimbilia? Inakimbilia mfukoni mwangu! Kodi yangu ilikuwa 12,000, mwenye nyumba ameleta barua, sasa ni 14,000, ati kaunti imepandisha. Nyinyi wenye viwanja mnaongea kwa starehe.

Katiba Mkononi: Hiyo ni kodi ya pango. Hapa tunazungumzia kodi ya serikali.

Mpangaji wa Bamburi: Kwangu inatoka mfuko mmoja.

Nyumba Moja Tu: Na mimi nitoe wapi? Nina vyumba sita, mkopo, na mpangaji ambaye hajalipa miezi mitatu. Kila mtu anamuona mwenye nyumba kama mwizi.

Mthamini Mstaafu: Swali la mpangaji si dogo. Kodi ikitozwa kwa thamani ya ardhi tupu, mwenye nyumba hupata shida kuisukuma, kwa sababu alikuwa tayari anakutoza kadiri soko linavyobeba. Ikitozwa jengo, baada ya muda watu hujenga kidogo na pango hupanda. Mwombe akuonyeshe ankara ya kaunti, ugawanye kwa vyumba.

Udhaifu halisi wa kodi hii uko kwenye daftari la uthamini. Nairobi ilitumia la mwaka 1982 kwa karibu miaka 40, huku kiwango kikipandishwa hadi asilimia 34 ya thamani iliyoandikwa humo. Chukua kiwanja kilichoandikwa 200,000 enzi hizo: kodi ilikuwa 68,000 kwa mwaka. Kama bei yake ilishafika milioni 20, hiyo ilikuwa chini ya nusu ya asilimia moja. Jirani ambaye mtaa wake haukupanda bei alilipa karibu asilimia 34 ya thamani halisi. Kuthamini upya kunawaudhi hasa wale wanaomjua gavana kwa simu.

Mzalendo wa Kaunti: Nairobi ina viwanja vya milioni 20. Kwetu ardhi kubwa ni ya jamii, haina hata hati. Nithamini nini?

Mthamini Mstaafu: Hapo mgao hauepukiki. Sina jibu jingine.

Nyumba Moja Tu: Ankara yangu nimeitafuta. Imepanda 4,800 kwa mwaka, vyumba sita.

Mpangaji wa Bamburi: Basi ni 800 kwa chumba, kwa mwaka. Wangu ameongeza 2,000 kwa mwezi. Kesho naenda kumgongea.