Fundi kaweka R410A kwenye kiyoyozi cha R22, kompresa imekufa halafu anasingizia umeme

Wakuu nina hasira sana. Kiyoyozi changu cha zamani, stika kwenye boksi la nje imeandikwa R22 waziwazi. Gesi ikapungua, fundi kaja na mtungi wa R410A, namuuliza mbona siyo yenyewe ananijibu gesi ni gesi. R22 iliyobaki kaimwaga hewani, kaanza kujaza, geji ilipogusa PSI 70 kafunga maana ndiyo namba aliyoizoea. Muda si mrefu bomba limeganda barafu! Kaongeza mpaka 120, barafu ikayeyuka, chumba kikapoa, kachukua hela kaondoka. Mchana wa jua kali kompresa ikaanza kujizima, ikipoa inawaka, inajizima tena, siku ya tatu inanguruma tu haizunguki. Eti umeme!

Koili_Shaba: Pole mkuu. Ile barafu ilikuwa inamwambia. Kwa R22, 70 maana yake koili ya ndani iko kama nyuzi 5, kwa R410A 70 hiyohiyo ni kama 9 chini ya sifuri, itaachaje kuganda? Aliposukuma hadi 120 koili ya ndani ikatulia ila ya nje ndo ikabeba msiba, gesi ikiwa na nyuzi 45 kule R22 ingesoma kama 240, R410A inapita 380. Kompresa ya R22 haikuundwa kwa mzigo huo. Na mafuta yake ni ya madini, hayachanganyiki na R410A, yakitoka yanabaki mabombani na kompresa inasagika kavu.

Mzee_wa_Geji: Ndo maana mi naweka R32 kwenye mashine za R410A, nusu ya R410A ni R32 na presha zinakaribiana, hakuna shida.

Koili_Shaba: Presha sawa, zinakaribiana. Lakini R32 inaweza kushika moto na inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto zaidi, mashine ya R410A haikupangiwa hayo. Usimshauri mtu hivyo.

Bi_Mkubwa: Changu kinadondosha maji ukutani, ni gesi hiyo?

Koili_Shaba: Dada hapo anza na bomba la maji, huenda limeziba.

Mwenye uzi: Nikifunga kompresa ya R410A si yaishe?

Koili_Shaba: Hapana, koili ya nje bado ya R22, na yale mafuta ya zamani yamo humo.

Mzee_wa_Geji: Ila na umeme mdogo unaua kompresa, usimhukumu bila ushahidi.

Mwenye uzi: Ushahidi naupataje sasa?

Koili_Shaba: Iache imezimwa mpaka ipoe kabisa, funga geji. Hewa ikiwa nyuzi 30, R22 tupu inasoma kama 158, R410A kama 258. Ila lazima gesi iwe haijavuja yote.

Mwenye uzi: Kesho asubuhi namwita, geji aifunge yeye mwenyewe mbele ya majirani.