Tupeane uzoefu: ukipanda taksi imejaa au ukiingia chumba cha kungojea, unawasalimiaje watu wote?

Mhaya_Mpitanjia:
Habari zenu wanajamvi. Mimi mtu wa Bukoba, kazi zangu sasa hivi ni kuzunguka Uganda, Kampala, Masaka mpaka Mutukula mpakani. Kuna kitu kinanichanganya naomba mnieleze kwa yale mliyoyaona wenyewe. Juzi pale Kampala, kwenye paki ya taksi, hizi taksi za Uganda ambazo kwetu ni daladala, tuko ndani ya gari ya Masaka inangoja kujaa, akapanda jamaa mmoja suti safi, akasimama mlangoni akasalimia wote kwa sauti nzuri kabisa, "Mwasuze mutya bassebo ne bannyabo", yaani kwa Kiganda mmeamkaje mabwana na mabibi. Kimya. Mama wa mbele yangu akavuta mkoba wake mapajani, kijana wa dirishani akainamia simu. Nikasema kumbe Kampala salamu hawana. Halafu kesho yake niko kituo cha afya Kyotera, dada mmoja kaingia hajasema kitu kaenda moja kwa moja dirishani kwa nesi, benchi zima likaguna kama amekanyaga mtu. Sasa salamu ya watu wote inatakiwa au haitakiwi??

KampalaBoi:
Kaka Kampala hatusalimii kwenye taksi, watakuona umetoka kijijini jana. Panda, kaa, toa hela, shuka. Basi.

Bint_Bombo:
KampalaBoi umesema nusu. Nimekulia Bombo, taksi za barabara ile nazipanda tangu nabebwa mgongoni. Huyo mwenye suti hawakumnyima salamu kwa sababu hawana adabu, walidhani ni mhubiri. Pale paki, anayesimama mlangoni akageukia watu wote na kutoa salamu kwa sauti ni mmoja kati ya watatu: mhubiri, muuza dawa za miti shamba, au mwenye barua ya kuomba msaada wa hospitali. Abiria wameshajua kinachofuata, ukiitikia tu umejifunga kusikiliza mpaka gari iondoke. Ndio maana mkoba unavutwa na simu inatolewa. Angalia siku nyingine, yule mhubiri akishamaliza kushuka, mtu akapanda akasalimia kwa sauti ya chini huku anatafuta kiti, wataitikia vizuri tu.

Abiria wa kawaida hasalimii gari, anasalimia mstari wake. Ukiingia, yule wa kile kiti cha kukunja lazima ainuke ndio upite, hapo ndio mahali pa salamu, unamwambia "wasuze otya ssebo" yeye peke yake huku umeinama, ukifika kiti cha nyuma unawageukia wale wawili unaokaa nao, "mwasuze mutya", maana sasa ni wengi. Watatu wanakujibu, wa mbele wamesikia, kazi imeisha. Na konda na dereva unawaambia "mugyebale", asanteni kwa kazi, maana wako kazini.

KampalaBoi:
sawa dada lakini taksi ya Ntinda asubuhi watu wana visikio vya simu, nani atakusikia

Bint_Bombo:
Ya Ntinda ni nusu saa, hapo unampa tu jirani ishara ya kichwa, hakuna atakayekulaumu. Mimi nazungumzia gari ambayo mtakaa bega kwa bega masaa mawili matatu. Huyo jirani ndiye utamwambia akulindie kiti ukishuka kununua maji, ndiye atakushikia mtoto. Usipomsalimia mwanzo, utaanzia wapi baadaye?

Mzee_Juma_Arua:
Asalaam aleikum wote. Sisi Wanubi na Waislamu wa huku West Nile jambo hili tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo, kwamba mwenye kipando amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi. Kwa hiyo anayeingia ndiye anaanza siku zote, asikae anangoja asalimiwe ati kwa sababu yeye mkubwa. Na jambo la pili watu hawalijui, kundi likisalimiwa akijibu mmoja inatosha kwa wote. Basi la Arua watu wamelala, unatoa salaam moja pale ngazi za mbele, akiitika hata konda peke yake imetimia, huna haja ya kurudia rudia hadi kiti cha nyuma ukiamsha watoto wa watu.

Akiiki_FP:
Mzee hapo kwa wasio Waislamu inakuwaje? Maana kwenye gari tumechanganyika

Mzee_Juma_Arua:
Mimi natoa salaam halafu hapo hapo naongeza habari zenu. Kila mtu anachukua yake. Arua hakuna aliyewahi kununa kwa hilo, hata wakatoliki wanaitikia waaleikum salaam. Kampala sijui kama wote wanapenda, huko mwanangu anasema anaanza na Kiganda.

Nesi_wa_Masaka:
Mtoa mada mimi ni nesi, niwaambie upande wa chumba cha kungojea maana huko ndiko salamu ina kazi zaidi kuliko kwenye gari. Vituo vyetu vingi havina namba za foleni. Foleni iko kichwani mwa watu waliokaa kwenye benchi. Wewe ukiingia unasimama pale mlangoni kidogo, unasalimia wote mara moja, sauti ya kawaida tu, wanaitikia "bulungi", yaani vizuri, halafu hapo hapo unauliza nani wa mwisho. Mtu atanyoosha mkono aseme ni mimi, au watakuonyesha mama mwenye gomesi ya kijani, lile gauni la Kiganda. Sasa umeandikwa. Hata ukitoka kwenda chooni ama kumnunulia mtoto chapati, ukirudi wanasema huyu alikuwepo, yuko nyuma ya mama wa gomesi.

Yule dada wa Kyotera shida yake sio adabu tu. Labda alikuja kuuliza kitu kidogo, labda kuchukua majibu ya damu. Lakini alipita mbele ya watu bila salamu wala swali, benchi likamhesabu ni mruka foleni. Angesema tu "mwasuze mutya, naomba niulize dirishani narudi", wangemruhusu wenyewe. Mimi nikiwa dirishani najua kabla sijainua kichwa. Nikisikia mlango umefunguka halafu "bulungi" za watu wengi, najua kaja mgonjwa mpya. Nikisikia mlango halafu miguno, najua naletewa kesi.

Mhaya_Mpitanjia:
Nesi asante sana hii sikuifikiria kabisa. Na ukifika asubuhi wakati mnatoa yale mafundisho ya afya?

Nesi_wa_Masaka:
Hapo usikatize, keti kwanza. Nesi akimaliza kuongea ndio unasalimia walio karibu na kuuliza wa mwisho. Na ukiona kuna mtu anaugulia au mama ana uchungu, salamu inashuka chini kabisa, watu watakuitikia kwa kichwa tu, usidhani wamekasirika.

Ssalongo_wa_Boda:
Tukiwa kwenye mada ya taksi, hivi mbona konda akiona mvua tu nauli inapanda?? Jana nimedaiwa mara mbili ya kawaida na chenji sijapewa mpaka leo. Nilisalimia vizuri sana na chenji sikupata

KampalaBoi:
😂😂 Ssalongo wa boda analalamikia nauli ya mvua, na wewe wateja wako wakinyeshewa unawabeba bure?

Akiiki_FP:
Wacha nilete ya kwetu Fort Portal. Kwetu salamu ya jumla peke yake inakuwa kama bado hujasalimia. Unaingia unasema "muli muta", yaani habari zenu, wanajibu, lakini jirani wa kiti lazima akuulize empaako yako, lile jina la heshima la kuitana, na wewe umuulize yake, ndio msalimiane sasa vizuri kwa majina hayo. Yako kama kumi na mbili hivi, Akiiki, Amooti, Atwooki, Adyeeri, Abbooki, Apuuli na kadhalika, kwa hiyo hata mtu humjui kabisa, ndani ya dakika moja mnaitana kama watu wa nyumba moja. UNESCO waliiweka mwaka 2013 kwenye orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka, maana vijana wengi siku hizi wanaiacha. Juzi kwenye taksi ya Kyenjojo kulikuwa na Mkenya amekaa kati ya bibi wawili, hana empaako, wale bibi waligombana kidogo nani ampe, mmoja anataka Araali mwingine anataka Atwooki. Mpaka Kyenjojo Mkenya anaitikia yote mawili.

Bint_Bombo:
😂 huyo keshakuwa mtu wa Tooro

Mama_Watatu:
Swali langu ni hili la kupiga magoti. Mimi nimeolewa kwa Waganda. Nikienda kliniki nikiwa na mama mkwe, yeye akiingia anashuka magoti kabisa pale kwenye saruji kusalimia wazee wa benchi, na wale wazee wanajibu ile salamu ndefu, bulungi nnyabo, halafu eee, mmm, eee, anaitikia mmm, inakwenda inapungua pole pole hadi inaisha. Inapendeza. Lakini mimi nina mimba ya miezi nane, kushuka sawa, kuinuka nani ataniinua? Nainama tu kidogo magoti nikishikilia ukuta. Wengine wanasema ni dharau.

Nesi_wa_Masaka:
Mama kliniki hakuna anayekudai magoti, tena na mimba hiyo. Kuinama kidogo kunatosha.

Mzee_Juma_Arua:
Inatosha kwa nesi. Kwa mama mkwe sijui.

Mama_Watatu:
Ndio hapo mzee wangu. Yeye hasemi kitu, ila anaangalia.

Mhaya_Mpitanjia:
Na mkono je? Mara nyingine namuona mtu anapeana mkono benchi lote mmoja mmoja.

Nesi_wa_Masaka:
Benchi lote hapana, usifanye hivyo kwenye chumba cha wagonjwa. Mwaka 2022 Ebola ilipotoka Mubende watu waliacha kabisa mikono, wakawa wanaweka kiganja kifuani, na wazee wengi wa huku wamebaki na hiyo mpaka leo. Ukiona mtu kaweka kifuani, na wewe weka kifuani. Akinyoosha yeye kwanza, mpe.

KampalaBoi:
Sasa niulize, taksi imebaki kiti kimoja, injini inanguruma, konda anapiga kelele ingia ingia, wote wamekasirika wamekaa saa nzima wanakungoja wewe. Hapo unasalimia au unaingia tu?

Bint_Bombo:
Hapo unasema "mugyebale okulinda", poleni kwa kungoja, unaingia.

Akiiki_FP:
Mimi naingia kimya, nasalimia gari ikishatoka paki. Ukiongea kabla ya hapo wanakuona wewe ndiye uliyechelewesha.

KampalaBoi:
Lakini siye niliyechelewesha, gari ndio ilikuwa haijajaa!!

Ssalongo_wa_Boda:
Panda boda, unamsalimia mtu mmoja tu. Na chenji unapewa