Mjadala: libmizani.a igawiwe na -fPIC kwa wote, au anayeihitaji ajikompailie?

Mwaloni Kirumba (muulizaji): Wakuu, habari za jioni. Maktaba yetu ya kusoma mizani ya dagaa tunaigawa kama faili moja la .a, na kila mtu amekuwa akiiunganisha kwenye programu kamili bila shida. Sasa nimejaribu kuiingiza kwenye moduli ya Python, yaani .so, kwenye Ubuntu, ikagoma hivi:

```
/usr/bin/ld: libmizani.a(mizani.o): relocation R_X86_64_PC32 against symbol `kikomo' can not be used when making a shared object; recompile with -fPIC
```

Napendekeza kuanzia sasa tuikompaili na -fPIC kwa wote. Wapo wanaosema ni kuwabebesha mzigo wasiohitaji. Tujadili.

Kijana wa Nyegezi: Hakuna haja. Tangu Ubuntu 16.10, GCC yao inatoa PIE hata usipoiambia, na PIE ni msimbo usiojali umepakiwa kwenye anwani gani. Hiyo .a yako itakuwa ya zamani, imetoka mashine nyingine. Ikompaili upya vilevile, bila kuongeza kitu.

Mwaloni Kirumba: Nimeikompaili leo, mashine hiyohiyo.

Fundi wa Buzuruga: Mbona mimi .a hiyohiyo imeingia kwenye .so yangu bila neno? Labda Python yako ndiyo mbovu.

Dada wa Isamilo: Python haihusiki. Fundi, wewe unaita nini kutoka kwenye maktaba?

Fundi wa Buzuruga: Kile cha kugeuza gramu kuwa kilo tu.

Dada wa Isamilo: Basi ndiyo maana. Faili la .a halijaunganishwa na kitu chochote. `ar` imekusanya mafaili ya .o na kuyaweka pamoja. Kiunganishi kinatoa humo yale tu yanayohitajika. Wewe umechukua uzito.o, mizani.o hata haijaguswa. Siku ukiita kazi ya kusoma mizani, utakutana na kosa hilohilo na utadhani kuna mtu kaharibu maktaba.

Kijana, nusu uko sawa. Ingekuwa msimbo wa kizamani, usio PIE, mara nyingi ungeona R_X86_64_32: anwani yenyewe imeandikwa ndani ya maelekezo kwa biti 32, wakati .so inaweza kupakiwa mbali sana kwenye nafasi ya biti 64, kwa hiyo anwani haienei. Lakini hapa ni PC32, yaani umbali kutoka kwenye maelekezo hadi kwenye kigeu. Hiyo .so ukiihamisha yote, umbali huo unabaki uleule. Kinachogomba ni swali lingine: kikomo cha nani?

Kwenye Linux, jina la kigeu cha jumla ndani ya .so linaweza kupinduliwa. Programu kuu ikiwa na `kikomo` chake, huanza kutafutwa humo, na wote wanatakiwa watumie hicho kimoja. Ukikompaili kwa PIE umemwahidi kompaila kwamba msimbo utakaa kwenye programu kuu, ambako jina la ndani ndilo linaloshinda, kwa hiyo anakwenda moja kwa moja. Kwa -fPIC hakuna ahadi hiyo, kwa hiyo anauliza kwanza kwenye jedwali la GOT, linalojazwa wakati wa kupakia. Angalia mwenyewe kwa `objdump -dr`:

```
# gcc -O2 -c mizani.c
mov 0x0(%rip),%eax    R_X86_64_PC32 kikomo-0x4

# gcc -O2 -fPIC -c mizani.c
mov 0x0(%rip),%rax    R_X86_64_REX_GOTPCRELX kikomo-0x4
mov (%rax),%eax
```

Ule mstari wa ziada ndio -fPIC yote unayoidai.

Kijana wa Nyegezi: Sawa dada, nimekuelewa. Lakini kama tatizo ni jina kupinduliwa, si tulifiche tu? Weka `-fvisibility=hidden`, kikomo hakitaonekana nje, na PC32 itakubalika. Hatuhitaji GOT.

Mwaloni Kirumba: Nimejaribu sasa hivi. Kikomo kimepita! Lakini kosa limehamia kwa `stderr`, neno kwa neno.

Dada wa Isamilo: Ndivyo inavyokuwa. Chaguo hilo linaficha vigeu mnavyovitengeneza ninyi. `stderr` ni ya glibc, nanyi mmeitangaza tu kupitia stdio.h, huwezi kuficha cha mwenzio. Kompaila wa PIE bado anaifuata moja kwa moja, maana kwenye programu kuu kiunganishi kingeweza kuinakili ndani. Kwenye .so ujanja huo haupo. Wazo la kuficha ni zuri, ila liende pamoja na -fPIC, lisiwe badala yake.

Mzee wa Bwiru: Wanangu, mnasahau gharama. Enzi za mashine za biti 32, -fPIC ilikula rejista nzima, ebx, kati ya chache zilizokuwepo. Tena tuliunganisha bila -fPIC na .so ilifanya kazi.

Dada wa Isamilo: Shikamoo mzee. Ilifanya kazi kwa sababu mpakiaji alikuwa anaurekebisha msimbo wenyewe kwenye kumbukumbu, na kurasa hizo haziwezi tena kushirikiwa kati ya programu. `readelf -d` ingekuonyesha TEXTREL. Android ilikuja kuyakataa mafaili ya namna hiyo kuanzia toleo la 6.0. Kuhusu rejista, x86-64 inajua kuhesabu kutoka kwenye rip, kwa hiyo ebx imebaki huru.

Gharama ipo kweli, ila imekaa pengine. GCC ikiona -fPIC, kazi yoyote inayoonekana nje inaweza kupinduliwa, hivyo haithubutu kuimeza ndani ya kazi nyingine. Python 3.10 yenyewe ilianza kutumia `-fno-semantic-interposition` kwa ajili hiyo, na watengenezaji wake wakaandika kwamba Python iliyojengwa kama .so iliharakishwa hadi asilimia 30. Kuficha majina kunatibu jambo hilohilo.

Mzee wa Bwiru: Marahaba. Hapo umenena. Lakini mwenye programu ya kawaida bado analipa GOT asiyoihitaji.

Dada wa Isamilo: Kidogo sana. Kiunganishi kikiona jina liko ndani ya programu, kinageuza ile `mov` ya GOT kuwa `lea`. Maelekezo ya ziada yanabaki, kusoma jedwali kunaondoka.

Mama Igombe: Mimi nina .a niliyopewa na muuzaji wa mizani, msimbo sina. Inatoa R_X86_64_32 dhidi ya `.rodata`. Hakuna zana ya kuigeuza?

Dada wa Isamilo: Hakuna ya kutegemewa, mama. Kompaila alishachagua maelekezo yenye nafasi ya biti 32, na kiunganishi hakiwezi kuyapanua. Ukimdai muuzaji nyingine, ikague kwa `readelf -r` kabla ya kulipa, ila soma sehemu za `.rela.text` tu. Zile za `.debug` zina R_X86_64_32 hata kwenye msimbo safi. Kwa sasa tengeneza programu ndogo, iunganishe na `-no-pie`, isome mizani na kuandika uzito kwenye bomba. Python isome kutoka huko.

Mama Igombe: Nitaijaribu.

Mwaloni Kirumba: Basi naweka hii kwenye CMake, pamoja na kuficha majina:

```
set(CMAKE_POSITION_INDEPENDENT_CODE ON)
```

Mzee wa Bwiru: Mimi bado nasema zitolewe mbili, libmizani.a na libmizani_pic.a, kila mtu achague yake.

Kijana wa Nyegezi: Na atakayechukua isiyo yake, mzee, atakuja kuuliza kwa nani?