Barua ya kutoongeza mkataba: nina rasimu mbili, ipi nimpe?

KaraniDom
Wakuu, habari za jioni. Nipo utumishi kwenye shirika dogo la miradi hapa Dodoma, tupo watu 19. Kuna kijana wetu, afisa ufuatiliaji, mkataba wake wa mwaka mmoja unaisha 31 Desemba na uongozi umeshaamua hautaongezwa. Mfadhili ameondoa kipengele cha mafunzo ya vikundi, nafasi yake imekwenda nacho. Hana kosa lolote. Ameshaongezewa mara mbili, huu ni mkataba wa tatu, na mkewe amejifungua juzijuzi tu. Barua nimeachiwa mimi, na leo ni tarehe 12 Novemba.

Rasimu ya kwanza: "Husika na somo tajwa hapo juu. Unajulishwa kuwa mkataba wako wa ajira unasitishwa kuanzia tarehe 31 Desemba. Unatakiwa kukamilisha taarifa ya robo mwaka na kukabidhi mali zote za shirika ifikapo tarehe 10 Januari. Uongozi unakutakia kila la heri."

Rasimu ya pili: "Ndugu yetu mpendwa, ni kwa masikitiko makubwa tunakuandikia. Kwa miaka mitatu umekuwa nguzo ya mradi huu. Kutokana na hali ilivyo, huenda tusiweze kuendelea pamoja mwakani kama tulivyotarajia. Hata hivyo wewe ni mwanafamilia, na fedha zikipatikana utakuwa wa kwanza kuitwa."

Mkurugenzi anataka ya kwanza. Mimi moyo wangu uko kwenye ya pili. Naomba mnisaidie kuzipima.

ChumaReli
Mkuu, mtu kama hafanyi kazi mpe onyo la maandishi, akirudia mpeleke kamati ya nidhamu. Usimwonee haya, ukimlea atakuponza wewe.

KaraniDom
Hapana kaka, hana tatizo la nidhamu wala utendaji. Mkataba unaisha muda wake, basi.

BintiKihesa
Dada au kaka, mimi nilishapewa barua kama hiyo ya pili. Niliisoma kwenye daladala, nikaisoma tena nyumbani, nikampa mama aisome. Mama akasema, "Mbona wanakusifia? Si wamekuongeza hawa?" Nikaenda kulipa kodi ya miezi sita. Lile neno "huenda" na lile la "wa kwanza kuitwa" vilinifanya nikae hadi Machi bila kuomba kazi sehemu nyingine, simu ikiita nadhani ni wao. Hawakuwa na nia mbaya, aliyeandika alikuwa ananionea huruma kweli. Ila wakati wangu wa kutafuta kazi uliishia kwenye huruma yake.

Mimi nachagua ya kwanza. Inauma siku moja.

MzeeUsuluhishi
Nimekaa mezani kwenye mashauri ya namna hii miaka mingi, mara upande wa mwajiri, mara upande wa mfanyakazi. Rasimu zote mbili zina shida, na ya kwanza ndiyo yenye kosa baya zaidi ingawa inaonekana ya kisheria.

Anza na neno "unasitishwa". Kusitisha ni kitendo cha mwajiri: mkataba ulikuwa unaendelea, mkaukata. Ukitumia neno hilo umejitwika mwenyewe mzigo wa kuonyesha sababu halali na utaratibu uliofuata. Wakati kwa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, mkataba wa muda maalumu unafika ukomo wenyewe muda uliokubaliwa ukiisha, isipokuwa mkataba useme vingine. Andika hivyo: "utafikia ukomo tarehe 31 Desemba na hautaongezwa". Mfanyakazi naye atakapoenda kuomba kazi kwingine, barua inayosema "ulisitishwa" inamfuata kama doa.

Kosa la pili ni tarehe 10 Januari. Kanuni hizo hizo zinasema mtu akiendelea na kazi baada ya muda kwisha, mkataba unaweza kuhesabika umeongezwa kulingana na mazingira. Sasa wewe barua hiyo hiyo inayosema kazi imeisha inamwagiza afanye kazi siku kumi zaidi. Akiingia ofisini tarehe 2 Januari, akafungua kompyuta, akatuma taarifa kwa meneja na meneja akajibu "asante", mna maelezo marefu ya kutoa. Makabidhiano yaishe kabla ya 31 Desemba. Taarifa ikibaki nusu, atamalizia mwingine.

Ya pili kosa lake ni "kama tulivyotarajia" na ile ahadi ya kuitwa. Kutoongeza mkataba kunahesabika kuwa kuachishwa kazi pale mfanyakazi alipokuwa na sababu ya msingi kutarajia kuongezewa. Kuthibitisha ni juu yake, na vinavyoangaliwa ni kama aliwahi kuongezewa huko nyuma na kama mwajiri alitoa ahadi. Ninyi mmeshamwongezea mara mbili, halafu mnamwandikia kwa mhuri wa shirika kwamba hata ninyi mlitarajia.

Nyundo77
Mzee kaeleza vizuri ila kasahau pesa. Sheria ya Ajira iko wazi, notisi siku 28 na kiinua mgongo siku 7 za mshahara kwa kila mwaka. Miaka mitatu ni siku 21. Usipoweka hayo kwenye barua umekwisha.

MzeeUsuluhishi
Nyundo, hizo namba ni za kweli lakini umeziweka mahali pasipo pake. Siku 28 ni notisi ya kuvunja mkataba kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Mkataba ukiisha kwa muda wake, tarehe ilishaandikwa siku waliyosaini. Ila afungue mkataba wenyewe: mashirika mengi yanaandika "mwajiri atatoa taarifa ya mwezi mmoja endapo hataongeza", na likiwemo hilo linawabana. Hata lisipokuwemo, mimi namshauri barua itoke wiki hii, maana wiki saba za kutafuta kazi ukiwa bado na mshahara ni kitu kikubwa kwa mwenye mtoto mchanga.

Kiinua mgongo cha siku saba hakimhusu ambaye mkataba wake umeisha kwa muda. Kama mkataba una kiinua mgongo chake wenyewe, hicho atalipwa, na kiandikwe. Kinachobaki ni mshahara hadi siku ya mwisho, siku za likizo ambazo hajachukua, na cheti cha utumishi. Kama mlimwajiri mkoa mwingine mkamleta Dodoma, kuna usafiri wa kumrudisha na mizigo yake pia. Hilo wengi hulisahau.

KaraniDom
Nashukuru sana Mzee. Nimefungua mkataba, kipengele cha mwezi mmoja kipo kweli, kiinua mgongo hakipo. Aliajiriwa hapa hapa Dodoma. Likizo zimebaki siku 9.

Sasa kuna jambo linanikosesha usingizi. Mratibu wake alimwandikia barua pepe Septemba: "Mwakani utaanza na Chemba, jipange." Na ombi lake la likizo ya Februari lilipitishwa, sahihi ni ya mratibu huyo huyo. Barua nzuri inaweza kufuta hayo?

MzeeUsuluhishi
Haiwezi. Hiyo barua pepe ndiyo kielelezo cha kwanza atakachokwenda nacho Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ana siku 30 za kufungua shauri. Fomu ya likizo ya Februari ni kielelezo cha pili. Usithubutu kumwambia mratibu azifute, na kwenye barua usiandike "hukuwahi kuahidiwa", maana atasoma sentensi hiyo akiwa na simu yenye barua pepe mkononi.

Mpelekee mkurugenzi hizo karatasi mbili leo kabla barua haijasainiwa. Njia zipo: kumpa mkataba mfupi wenye mwisho unaoeleweka kama kuna kazi ya kufunga kipengele hicho, au kukaa naye mkakubaliana malipo fulani kwa maandishi, akiwa na nafasi ya kutafuta ushauri. Au wabaki na uamuzi wao wakijua wamebeba nini. Hiyo ni kazi ya mkurugenzi, usiibebe wewe kwa kutafuta maneno matamu.

MwanaTudor
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu sheria ni nyingine, sitaingia huko. Nina la kusema kuhusu sababu, maana naona Mzee hakuligusa. Mimi naona iandikwe. Mtu akiambiwa tu "hautaongezwa", usiku mzima anajiuliza alikosa wapi. Mstari mmoja kwamba kipengele cha mafunzo hakina fedha tena utamwondolea hilo, na hata akienda kwengine ana la kujibu akiulizwa. Pia aitwe kwanza azungumziwe, barua apewe hapo hapo baadaye. Isiwe Ijumaa jioni, abaki na wikendi bila mtu wa kumuuliza.

MzeeUsuluhishi
Kuhusu kumwita nakuunga mkono asilimia mia. Kuhusu sababu mimi ni mwoga kidogo. Ukiandika "fedha za mafunzo zimeisha" halafu Machi nafasi ile ile ikatangazwa kwa jina jingine, barua yako ndiyo itakayowashtaki. Wengi tunaishauri iachwe.

MwanaTudor
Basi wasiitangaze Machi. Kama sababu ni ya kweli, hofu ya nini?

BintiKihesa
Hapo niko na Mwana. Mimi sikuambiwa sababu mpaka leo.

KaraniDom
Wakuu, nimerudi. Mkurugenzi ameziona zile karatasi, akakaa kimya kidogo, akamwita mratibu. Wameamua uamuzi unabaki, ila tutakaa na kijana kuzungumzia malipo, na hilo litakuwa na karatasi yake peke yake. Barua nimeiandika upya:

"Mkataba wako wa ajira ulioanza tarehe 1 Januari utafikia ukomo tarehe 31 Desemba, na hautaongezwa. Uamuzi huu ni wa mwisho. Umetokana na mfadhili kuondoa kipengele cha mafunzo ya vikundi ambacho nafasi yako ilikuwa inakihudumia. Hautokani na nidhamu wala utendaji wako.

Utalipwa mshahara wako kamili hadi tarehe 31 Desemba pamoja na siku 9 za likizo ambazo hujachukua. Cheti cha utumishi utakabidhiwa siku hiyo hiyo. Makabidhiano ya pikipiki, kompyuta na majalada ya vikundi yakamilike ifikapo tarehe 20 Desemba. Baada ya tarehe 31 Desemba hutatakiwa kufanya kazi yoyote ya shirika.

Tunafahamu ulishapangiwa kazi za mwakani, na tungependa kulizungumza hilo nawe ana kwa ana Alhamisi saa 4 asubuhi. Unaweza kuja na mtu unayemwamini. Kuanzia sasa hadi Desemba unaruhusiwa kutoka kwenda kwenye usaili. Nijulishe tu siku moja kabla.

Dodoso la vikundi tunalotumia leo katika kata zote ni kazi ya mikono yako, na tunakushukuru."

Chini nimeweka "Nimepokea", jina, sahihi na tarehe.

MzeeUsuluhishi
"Nimepokea" ni sawa, maana wengine huandika "nimekubali" na mtu anasaini bila kuelewa. Ile sentensi ya "ulishapangiwa kazi za mwakani" mwanasheria wenu ataitaka itoke, kwa sababu ni kukiri. Mimi mwenyewe ningesita. Lakini kijana anajua alichoandikiwa, na barua inayojifanya haijui itamkasirisha kuliko yote. Muulize mkurugenzi kama yuko tayari kuisaini ikiwa hivyo.

KaraniDom
Nimemuuliza. Amesema ataniambia kesho asubuhi.

BintiKihesa
Hiyo ya dodoso msiitoe. Nyingine mtajua wenyewe.